Asali ya Tabora isionekane kama oili chafu: jinsi ya kupiga picha ya lebo, asali ikichuruzika, mwanga ukitokea nyuma

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mara ya kwanza kupiga picha ya asali kwa ajili ya lebo nilipigia kikundi cha akina mama wa Sikonge, asali ya miombo safi kabisa, ile nyekundu nyekundu inayokaribia kahawia, nikaiweka mezani barazani saa sita mchana, chupa imejaa mpaka shingoni, kijiti cha mbao kinamwaga, nikapiga picha kama themanini hivi nikajiona fundi. Usiku nikamtumia mama mweka hazina moja niliyoipenda. Akakaa kimya muda mrefu halafu akajibu, "Mwanangu, hii ni asali au ni oili ya trekta?"

Nikaangalia tena, kweli. Uzi wa asali ulikuwa wa dhahabu mzuri tu lakini chini yake chupa nzima nyeusi tii, kama gereji. Na hapo ndipo ilipo shida ya asali yetu huku Tabora na Kigoma, ukitafuta maelekezo mengi yanamfikiria mtu mwenye asali nyepesi ya njano ambayo ukiiweka tu dirishani inawaka yenyewe. Ya kwetu haiwaki hivihivi. Mwanga ukipita kwenye asali unaliwa kadiri unavyosafiri ndani yake, kwa hiyo uzi wa milimita tatu unaonekana dhahabu, kijiko kinaonekana chungwa, na chupa ya upana wa sentimita nane inaonekana kahawa, wakati yote ni asali ileile. Ukishaelewa hilo kazi yote inayofuata ni moja tu: kupunguza unene ambao mwanga unapita na kuongeza mwanga unaotoka nyuma. Kuongeza maji au sirapu ya sukari ili ing'ae usithubutu, mteja atafungua chupa akute rangi nyingine na hiyo lebo itakuwa imedanganya kabla hata hajaonja.

Chupa kwanza

Kwa picha sio lazima utumie chupa ileile kubwa unayouzia, ila shepu ifanane. Mimi natafuta chupa nyembamba ya kioo cheupe kisicho na maandishi ya kuchongwa, ya gramu 250 badala ya ya kilo, na ikipatikana ya pembe nne iliyo bapa hiyo ndio bora kuliko zote, maana ukiigeuza upande wake mpana uelekee kwenye mwanga, asali ya kupita inakuwa sentimita nne au tano tu. Halafu usiijaze. Jaza theluthi moja. Kuna faida mbili hapo, kwanza asali kidogo, pili ile nafasi tupu ya juu inaacha uzi uonekane ukiingia ndani ya chupa mpaka unapotua, na hapo ndipo utamu wa picha ulipo. Chupa ikijaa uzi unakatikia mdomoni na jicho halina pa kuufuata.

Ziangalie chupa kabla hujanunua, ishike juani uizungushe. Kuna mshono unaopanda pembeni kutokana na ile kalibu ya kiwandani, huo mshono utaugeuzia pembeni kabisa siku ya picha. Kama kioo kina mapovu au kina rangi ya kijani kwa mbali, rudisha.

Osha kwa sabuni, suuza maji ya moto, ikauke kichwa chini, halafu futa kwa spiriti na kitambaa kile cha kufutia miwani. Kuanzia hapo hakuna kuigusa kwa vidole, shika kwa kitambaa. Mwanga wa nyuma hauna huruma, alama ya dole gumba ambayo huioni kwa macho inatokea kwenye picha kama ramani ya Ziwa Tanganyika. Na kiangazi huku vumbi halina mwenyewe, kwa hiyo futa tena dakika ya mwisho.

Kijiti

Kile kijiti chenye kichwa cha mifereji wengi wanaita dipa, na madukani huku sio kila siku unakipata. Mimi nilienda kwa fundi seremala mwenye mashine ya kukereza nikamchorea, akanichonga kwa kipande cha mninga, kichwa ukubwa wa ndimu, mifereji sita, mpini sentimita 15. Rangi ya mninga na asali zinaongea lugha moja. Mwambie asipake vanishi, kwanza ni kitu cha chakula, pili vanishi inang'aa vibaya. Kabla ya kutumia kiloweke maji dakika tano ukifute kikauke juu, mbao kavu sana inatoa vipovu vidogo vidogo vya hewa ndani ya asali na utavitafuta kwenye picha usijue vimetoka wapi.

Asali yenyewe: iwe angavu na iwe na joto lake

Hapa nakaa kidogo maana watu wengi wanahangaika na simu wakati tatizo liko kwenye bakuli.

Asali iliyokamuliwa kwa mkono kutoka mizinga ya magome au magogo inakuja na nta, chavua na mapovu mengi. Yote hayo yanatawanya mwanga, inaonekana kama ukungu. Chuja kwanza kwenye chujio la kawaida halafu kwenye kitambaa cha nailoni laini, iache itiririke yenyewe usiikamue. Kisha iache itulie usiku mzima kwenye chombo kirefu. Asubuhi utakuta povu jeupe juu, chukua karatasi ya nailoni ile ya kufunikia chakula, ilaze juu ya asali igusane nayo kabisa, halafu ivute taratibu kutoka upande mmoja, povu lote linaondoka nayo.

Kama imeanza kuganda, yaani ina chengachenga za sukari, hiyo haipitishi mwanga hata ukiwasha jua mbili. Weka chombo ndani ya sufuria ya maji ya moto ambayo mkono wako unavumilia kukaa ndani bila kuutoa, hapo ni kama nyuzi 40 hivi, maji yakipoa badilisha, mpaka chenga ziishe. Usiiweke jikoni moja kwa moja na usichemshe, asali ikipata moto mkali rangi inazidi kuwa nyeusi na harufu inaondoka, na wewe unatafuta weupe.

Jaribio langu la kujua kama ni angavu: mimina kidogo kwenye glasi ile ndogo ya chai ya rangi, weka gazeti nyuma limegusana na glasi, simama dirisha likiwa nyuma ya gazeti. Ukiona angalau kivuli cha herufi za kichwa cha habari, twende. Ukiona kahawia tupu isiyo na chochote, chuja tena au tafuta asali nyingine ya msimu huohuo iliyo nyepesi zaidi, maana hata mizinga miwili ya mtu mmoja inatofautiana.

Sasa joto la kumwagia. Julai asubuhi Tabora kuna baridi ya kuvaa sweta na asali inakuwa nzito kama gundi, inashuka kipande kizima kizima, Oktoba mchana inakimbia kama chai. Unachotaka ni katikati, kama nyuzi 28 mpaka 30, na bila kipimajoto unajua hivi: chota kijiko, inua sentimita 15 juu ya bakuli, acha imwagike. Uzi usikatike, na pale unapotua ujikunje kama kamba inayojizungusha, kikilima kidogo, halafu kikilima kizame ndani ya sekunde moja au mbili. Kikilima kikibaki kimesimama, ni baridi, rudisha kwenye maji ya uvuguvugu dakika kumi. Kisipotokea kabisa, aidha ni moto sana au asali ina maji mengi, ngoja ipoe ujaribu tena, na kama imepoa na bado inakimbia basi hiyo ilirinwa kabla masega hayajafunikwa vizuri, na hilo ni tatizo kubwa kuliko picha kwa sababu itachacha.

Dirisha na saa

Usipigie nje. Najua baraza lina mwanga mzuri, najua. Lakini asali ikikaa wazi nje huku kwetu robo saa haiishi nyuki mmoja ameshaleta habari nyumbani, na wakija hamsini sio picha tena ni mbio. Sisimizi nao. Pigia ndani, chumba chenye dirisha linaloangalia magharibi, funga vioo, zima feni, maana upepo mdogo tu unaupeperusha uzi wa asali unakuwa nyoka na ukigusa ukuta wa chupa unaacha mchirizi ambao hautoki mpaka uoshe upya.

Saa ndio hii: Tabora jua linazama karibu na saa moja jioni, nusu saa hivi nyuma ya Dar kwa vile tuko magharibi na saa zetu ni zilezile, kwa hiyo ukisoma kwamba mwanga wa dhahabu ni saa kumi na moja, kwetu bado ni mkali na mweupe. Mimi naanza kupanga saa kumi na moja kamili, napiga kuanzia saa kumi na mbili kasorobo mpaka saa kumi na mbili na nusu. Kigoma wako magharibi zaidi, ongeza dakika kumi na kitu. Jua likiwa chini hivyo linapita kwenye hewa nyingi na vumbi, rangi yake yenyewe inakuwa ya njano, huna haja ya kuitia kwenye simu baadaye.

Jua lisigonge chupa moja kwa moja. Tundika kitambaa cha marekani, kile cheupe cha pamba cha kawaida, dirishani, tabaka moja. Kitambaa kinawaka chote kama ukuta wa mwanga na hicho ndicho kitakuwa nyuma ya picha yako. Meza iwe sentimita 50 hivi kutoka kwenye kitambaa ili nyuzi zake zisionekane kwenye picha. Ukiona nondo za dirisha zinatoa kivuli kwenye kitambaa, kunja tabaka la pili.

Kuna mambo mawili ya kioo hapa ambayo nilichelewa kuyajua. La kwanza, chupa ya mviringo ikishakuwa na asali inakuwa lenzi, inageuza vitu vya nyuma kushoto kulia na kuvikusanya ndani yake, kwa hiyo fremu ya dirisha ambayo wewe huioni kwenye picha inaweza kutokea ndani ya asali kama mstari mweusi uliopinda. Ukiona mstari wa ajabu ndani ya chupa usiifute chupa, angalia nyuma yake kuna nini, sogeza meza mpaka asali ione kitambaa tu. La pili, kioo mbele ya mwanga mweupe kinapotea. Kingo za ile sehemu tupu ya juu zinayeyuka, unabaki na asali inayoelea hewani. Dawa yake ni vipande viwili vya manila nyeusi vya urefu wa chupa, simamisha kimoja kila upande, karibu na chupa kadiri uwezavyo lakini nje ya picha. Kioo kinavimeza kwenye kingo zake na unapata mstari mwembamba mweusi unaochora chupa vizuri kabisa, ukivisogeza karibu mstari unanenepa, mbali unakonda. Hii ilinifurahisha kuliko kitu chochote, nilikaa nusu saa nasogeza manila tu.

Tochi chini ya chupa

Kwa asali nyekundu ya kwetu, hata ukifanya yote hayo, sehemu ya chini ya chupa bado inaweza kuwa nzito. Kwa hiyo meza yangu ni boksi. Natoboa kwenye boksi shimo dogo kidogo kuliko kitako cha chupa, naweka chupa juu yake, ndani ya boksi naingiza simu nyingine tochi ikiangalia juu, na katikati ya tochi na chupa naweka karatasi ya tishu tabaka mbili ili isitoe doa la mwanga. Watu wanasema tochi ya simu ni nyeupe ya bluu itaharibu rangi, haiharibu, asali yenyewe inakula bluu, kinachotoka upande wa pili ni dhahabu. Kosa lililopo ni kuizidisha, chupa ikaonekana kama taa ya kibanda cha chipsi. Ikizidi ongeza tishu. Unataka mtu asijue kama kuna tochi.

Hapohapo mbele, upande wa kamera, weka sinia la alumini au manila nyeupe imeegemezwa kwenye tofali, ikitazama kijiti. Mwanga wote unatoka nyuma, kwa hiyo upande wa kijiti unaokuangalia wewe ni giza, mbao inakuwa kivuli tu. Sinia linarudisha mwanga kidogo, mifereji inaonekana, mninga unaonekana mninga. Sogeza mbele na nyuma mpaka uone rangi ya mbao bila kuua ile hali ya mwanga wa nyuma.

Kumwaga

Usishike kijiti kwa mkono, au mtu mwingine asikushikie, mkono unatetemeka. Panga matofali pembeni, juu yake weka kipande cha boksi ulichokata alama ya V, mpini unalala kwenye V na unabanwa na kibanio cha nguo. Kichwa kiwe katikati kabisa ya mdomo wa chupa, sentimita nne au tano juu yake.

Chota asali kwenye bakuli kwa kuzungusha kijiti, na kikiwa kimelala endelea kukizungusha taratibu, kikizunguka hakidondoshi, ndio kazi ya ile mifereji. Kisogeze mpaka juu ya chupa, kilaze kwenye V, inamisha kichwa kidogo, acha kuzungusha. Sasa hesabu. Mwanzoni linashuka donge nene, hilo achana nalo. Baada ya sekunde tatu nne uzi unatulia, juu mnene chini mwembamba, umenyooka kama umepimwa kwa timazi, na chini unajikunja. Hapo una sekunde kumi hivi. Baadaye uzi unakonda, unakatika, yanabaki matone. Piga mfululizo kwenye zile sekunde kumi, halafu ondoa kijiti kwa kukizungusha tena, weka bakulini.

Kila mmwago unaingiza mapovu kidogo kwenye chupa hasa ukimwagia kutoka juu sana, kwa hiyo kati ya mmwago na mmwago subiri, na baada ya mimwago sita au saba mapovu yatakuwa mengi na asali imeshapanda, badilisha chupa. Andaa chupa tatu safi tangu mwanzo. Asali ya kwenye chupa hizo ni safi, inaliwa, haipotei kitu.

Simu

Simu ya kawaida tu inatosha. Futa lenzi. Zima flashi, zima `HDR` ikiwezekana maana inasawazisha giza na mwanga mpaka ule mng'ao unakufa, na usitumie ile mode ya kufifisha nyuma, inakula kingo za kioo na uzi wa asali inauona kama uchafu. Kama ina lenzi ya `2x` tumia hiyo ukiwa umerudi nyuma kidogo, ile pana ukiisogeza karibu inavimbisha chupa. Simu iwe kwenye stendi, kimo cha mdomo wa chupa au juu yake kidogo sana, uone ule mkunjo unapotua bila kuonyesha shimo lote la mdomo.

Kama ina `Pro`, weka hivi uanzie hapo:

```
ISO 100
1/125
WB 5500K
```

Hiyo `WB` ndio muhimu kuliko zote. Ukiacha `AUTO` simu inaona njano imezidi inadhani ni kosa, inalirekebisha, dhahabu yako inarudi kijivu. Kama simu haina `Pro`, gusa asali iliyo ndani ya chupa, sio uzi, sio kitambaa, shikilia kidole mpaka ikufungie, kwenye nyingine itaandika `AE/AF LOCK`, halafu panda au shuka na kale kajua pembeni. Pima mwanga kwenye asali ya chupa, kitambaa nyuma kikizidi kuwa cheupe kiache kiwe cheupe. Kosa la picha zangu themanini lilikuwa hilo hasa, nilipima kwenye uzi, uzi ukatoka vizuri, chupa ikafa.

Fokasi yenyewe iweke kwenye uzi. Uzi mwembamba simu inaupita inafokasi kitambaa, kwa hiyo kabla ya kumwaga simamisha njiti ya mshikaki pale uzi utakapopita, fokasi kwenye njiti, funga, toa njiti, na kama kufunga huko kumebadilisha mwanga, urudishe kwa kale kajua mpaka asali ya chupa ionekane vizuri.

Jinsi ilivyokuwa mara ya pili

Nilirudi kwa akina mama Agosti, chumba cha stoo chenye dirisha la magharibi, chupa bapa za gramu 250 tatu, asali ileile iliyoitwa oili. Mama mweka hazina alikuwa anashika bakuli. Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi kitambaa kikaanza kugeuka, mmwago wa kwanza asali ilikuwa baridi ikashuka donge, tukairudisha kwenye maji ya uvuguvugu. Mmwago wa tatu ukawa mzuri lakini kwenye asali kulikuwa na mstari mweusi, nikafuta chupa mara mbili mpaka nikakumbuka, ni ufagio ulikuwa umeegemezwa dirishani. Tukautoa. Mmwago wa tano, saa kumi na mbili na dakika kumi hivi, juu uzi wa dhahabu, katikati mkunjo wa duara tatu, chini chungwa inayoiva kuelekea wekundu. Nikamwonyesha kwenye skrini. "Haya," akasema, "hii sasa nyuki wetu wataitambua." Tulipiga picha 64 zote, nzuri zilikuwa nne.

Rangi usiifanye ya njano kwenye kuediti. Weka chupa halisi pembeni ya simu mbele ya dirisha, linganisha, ukiona picha ni nyepesi kuliko asali rudisha.

Kwenda kuchapa

Acha nafasi upande mmoja wa picha kwa ajili ya jina na uzito, kwa hiyo piga kwa mbali kidogo kuliko unavyotamani. Lebo ya upana wa sentimita 7 ikichapwa kwa ubora wa 300 dpi inahitaji pikseli kama 830 tu kwa upana, simu yoyote inazidi hapo, lakini usiitume kwa Watsapu kama picha ya kawaida maana inabanwa, tuma kama `Document`. Na mwambie anayekutengenezea aongeze milimita 3 kila upande za kukatia.

Wachapaji wanachapa kwa wino nne na ile chungwa inayowaka kwenye skrini haipo kwenye wino, itapoa kidogo lazima, kwa hiyo omba lebo moja ya majaribio kwenye karatasi ileile kabla ya kuchapa mia tano. Sisi hatukuomba. Tulichagua stika ya uwazi tukiona ni ya kisasa, na wino ni mwepesi unapitisha mwanga, ikibandikwa kwenye chupa iliyojaa asali nyekundu picha yote ikazama, jina tu ndilo lilibaki linaelea. Ya uwazi inataka ichapwe wino mweupe chini kwanza, na tulipouliza hapo tulipochapia hawakuwa nao. Tukarudia kwa stika nyeupe ya kawaida, nyuma yake haipitishi kitu, na picha ya mmwago wa tano ikakaa ilivyo.